Kozi Nzima kwa Maneno Mia Moja

Fomu nyingi za ufadhili wa masomo zina kisanduku kimoja kidogo ambacho waombaji hukiacha mpaka usiku wa mwisho. Barua ya kujieleza wameiandika na kuirudia, wadhamini wamewasumbua kwa simu, vyeti vimeskaniwa. Kisha linatokea swali: eleza kwa maneno yasiyozidi 100 kozi moja uliyosoma inayohusiana na masomo unayoomba. Wengi hufungua silabasi, wakanakili orodha ya mada, wakaongeza sentensi moja ya mapambo mbele na nyingine nyuma, wakatuma.

Muhtasari wa namna hiyo hauna kosa popote, na ndiyo maana haumsaidii aliyeuandika. Jopo linalosoma maombi linajua kozi ya takwimu inafundisha nini. Lisichokijua ni kitu ambacho wewe ulikifanya ndani ya kozi hiyo, na kama unaweza kukifanya tena ukiwa kwao. Maneno mia moja yana nafasi ya kazi moja tu, ielezwe mpaka ieleweke. Ukitaka kuingiza kazi tatu, zote tatu zitabaki majina.

Mwongozo huu unafuata mfano mmoja kuanzia rasimu mpaka kutuma. Mwombaji wetu ni binti aliyemaliza shahada ya uhandisi wa kilimo Tanzania, na anaomba ufadhili wa shahada ya uzamili ya usimamizi wa maji. Ni mfano wa kubuni, lakini makosa yaliyomo ni yale yale ninayokutana nayo kila ninapoombwa kupitia rasimu za vijana.

Kabla ya kuandika

Soma swali mara mbili, kwa sababu neno "kozi" lina mitego. Vyuoni kwetu mtu akisema "nasoma kozi ya sheria" ana maana ya shahada nzima ya miaka kadhaa, na mwingine akisema "ile kozi ya Jumatano" ana maana ya somo moja la semista. Fomu ikisema kozi moja pamoja na namba yake ya utambulisho, inataka somo la semista. Ikisema kozi uliyohitimu, inataka programu nzima. Kama maelezo hayatoshi, angalia sanduku linalofuata: likiuliza alama uliyopata, basi ni somo moja, likiuliza mwaka wa kuhitimu, ni shahada.

Angalia pia kikomo kinahesabu nini. Maneno mia moja ni kitu kimoja, na herufi mia saba ni kitu kingine kabisa, hasa kwa Kiswahili. Lugha yetu hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo maneno yetu ni machache lakini marefu. Kikomo cha maneno kinatupendelea, kikomo cha herufi kinatubana. Nafasi kati ya maneno nazo kwa kawaida huhesabiwa kama herufi.

Kutokana na hilo kuna jambo linalowaangusha wengi. Kama fomu inataka Kiingereza au Kifaransa, usiandike maneno mia moja ya Kiswahili ukidhani tafsiri yake itakuwa mia moja. Neno "havionyeshi" peke yake, likivukia Kiingereza, linakuwa maneno manne. Fikiria na panga kwa Kiswahili ukipenda, lakini hesabu katika lugha utakayotuma. Mifano yote hapa ni ya Kiswahili. Mpangilio wake unahamishika, idadi ya maneno haihamishiki.

Mwisho, kusanya mezani vitu vitatu: silabasi ya somo, hati yako ya matokeo, na kazi yoyote uliyoiandika katika somo hilo, iwe ripoti, insha au daftari la maabara. Silabasi utaitumia kwa nusu dakika tu. Ripoti ndiyo utakayochimba.

Rasimu ya kwanza

Hii hapa ndiyo aliyoiandika binti wetu kabla ya kuomba ushauri. Kikomo chake ni maneno 100. Yeye ana 142.

"Kozi ya Misingi ya Umwagiliaji ni kozi muhimu sana katika shahada yangu ya Uhandisi wa Kilimo kwani maji ni uhai na kilimo ni uti wa mgongo wa taifa letu. Kozi hii ilitolewa katika semista ya kwanza ya mwaka wa tatu. Mada zilizofundishwa ni pamoja na utangulizi wa umwagiliaji, uhusiano wa udongo, maji na mmea, mahitaji ya maji ya mazao, njia za umwagiliaji, usanifu wa mifereji, umwagiliaji wa matone, umwagiliaji wa kunyunyizia, utoaji wa maji ya ziada shambani, na uendeshaji wa skimu. Tulifundishwa kwa mihadhara, semina, mazoezi ya vitendo pamoja na ziara ya mafunzo. Aidha, tulifanya mradi wa kikundi ambapo tulipima maji katika mfereji na kukokotoa mahitaji ya mpunga. Kupitia kozi hii nilijifunza mambo mengi ambayo yamenijenga kitaaluma na yameongeza hamu yangu ya kuendelea na masomo ya juu ili niweze kuisaidia jamii yangu na taifa kwa ujumla katika kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi."

Silika ya kwanza ya mtu aliyezidisha maneno 42 ni kukwangua: anatoa "sana" hapa, "pia" pale, anafuta mada mbili, anarudi kuhesabu. Baada ya saa nzima anapata maneno 100 yenye kasoro zile zile, yamekonda tu. Usianze kupunguza neno kwa neno. Chukua sentensi moja moja na uiulize: je, mwenzangu yeyote aliyekaa darasa hili angeweza kuiandika hii bila kubadili kitu? Kama jibu ni ndiyo, sentensi hiyo haikuhusu wewe, na haina haki ya kukaa kwenye ombi lako isipokuwa kama msomaji hataelewa yanayofuata bila hiyo.

Tuipitishe rasimu kwenye swali hilo. Sentensi ya kwanza ina maneno 29 na yeyote angeiandika, hata asiyesoma somo lenyewe. Inaondoka, ila jina la somo libaki. Ya pili inatoa mwaka. Hiyo ni taarifa, nayo inaweza kukaa ndani ya mabano kwa maneno matatu. Ya tatu ni silabasi, maneno 41, karibu nusu ya kikomo chote. Hapa pana ubishi kidogo, maana jopo linahitaji kujua somo liligusa nini. Chagua mada tatu ambazo zinaingia moja kwa moja kwenye masomo unayoomba. Mwombaji wetu anakwenda kusoma usimamizi wa maji, kwa hiyo mahitaji ya maji ya mazao, usanifu wa mifereji na uendeshaji wa skimu vinatosha. Umwagiliaji wa matone ni mada nzuri, lakini haimfikishi anakokwenda. Sentensi ya nne inasema alifundishwa kwa mihadhara na semina, na sijui chuo kisichofanya hivyo. Inaondoka yote.

Sentensi ya tano ina maneno 15. Ndiyo pekee yenye vitenzi vya kazi, "tulipima" na "kukokotoa", na imeanza kwa "Aidha" kana kwamba ni nyongeza. Tena inaanzia neno la 94. Fomu inayokata maandishi yakifika neno la mia ingelisomesha jopo "tulifanya mradi wa kikundi ambapo tulipima", halafu basi. Walipima nini, hakuna ajuaye.

Ya mwisho ni hamu, jamii na taifa. Mambo hayo yana mahali pake kwenye barua ya kujieleza. Hapa yamekula maneno 34 bila kusema chochote kinachoweza kuthibitishwa.

Kuchimba kazi yenyewe

Kwa hiyo tunabaki na maneno 15 na kikomo cha 100, na sasa tatizo limegeuka: nafasi ipo, habari haipo. Hapa ndipo ripoti inapofunguliwa, na mwombaji anajiuliza maswali ambayo mtu wa jopo angemuuliza ana kwa ana. Mlipima wapi? Kwa njia gani? Mkapata nini? Wewe mwenyewe ulifanya sehemu ipi? Kazi hiyo ina upungufu gani?

Binti wetu akajibu hivi. Walikuwa wanne. Walikwenda kwenye mfereji wa udongo unaopeleka maji kwenye mashamba ya mpunga. Wakachagua mita 10 zilizonyooka, wakadondosha limau majini na kuhesabu sekunde mpaka likafika upande wa pili. Wakarudia mara tano, wastani ukawa sekunde 25. Hiyo ni kasi ya mita 0.4 kwa sekunde juu ya maji. Kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko yale yanayosugua chini na pembeni, wakazidisha kwa 0.85, wakapata 0.34. Mfereji ulikuwa na upana wa sentimita 60 na kina cha sentimita 25, yaani eneo la mita za mraba 0.15. Zidisha, unapata lita 51 kwa sekunde. Wakashuka mita 800 na kurudia: lita 36. Kilichopotea katikati ni lita 15 kila sekunde, zaidi ya robo ya maji yote. Halafu yeye, siyo kikundi, akaingiza takwimu za hali ya hewa kwenye CROPWAT, programu ya bure ya FAO, akakokotoa mpunga ulihitaji maji kiasi gani, kisha akaandika sehemu ya mapendekezo. Vipimo vyote vilifanyika siku moja, wakati wa kiangazi.

Soma tena aya hiyo uone mahali ambapo mtu anajitokeza. Katika rasimu hakuwepo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya maelezo haya haitaingia kwenye muhtasari. Limau, sekunde 25, ile 0.85, vyote ni njia ya kufikia jibu, na njia hiyo imo kwenye ripoti. Weka matokeo mawili, lita 51 na lita 36, kwa sababu msomaji mwenyewe atatoa moja kwa nyingine na kuona tatizo bila kuambiwa. Namba mbili zinazolinganishwa zinatosha. Ukiweka sita, hatakumbuka hata moja. Mengine yabaki kichwani mwako kwa siku ya usaili.

Hii hapa rasimu ya pili.

"Misingi ya Umwagiliaji (mwaka wa tatu, saa 100) ilihusu mahitaji ya maji ya mazao, usanifu wa mifereji na uendeshaji wa skimu. Katika mradi wa kikundi cha watu wanne, tulipima mtiririko wa mfereji wa udongo unaolisha mashamba ya mpunga. Mwanzoni tulipata lita 51 kwa sekunde. Mita 800 mbele, lita 36. Mimi nilikokotoa mahitaji ya mpunga kwa programu ya CROPWAT na kuandika sehemu ya mapendekezo: kuziba mivujo kabla ya kupanua eneo. Vipimo vilikuwa vya siku moja ya kiangazi, hivyo havionyeshi hali ya masika. Kwa sababu hiyo naomba shahada ya uzamili inayofundisha upimaji wa maji wa msimu mzima."

Ni maneno 95. Kazi imeanza neno la 22, na matokeo yamekamilika kabla ya neno la 50. Hata jicho likichoka katikati, limeshaona kilicho muhimu.

Mambo matatu katika rasimu hiyo yanahitaji maelezo zaidi, kwa sababu ndiyo yanayobishaniwa.

La kwanza ni "saa 100". Silabasi ya somo iliandika krediti 10. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, ukijumlisha darasani, maabara na kujisomea. Katika mfumo wa ECTS wa Ulaya, krediti moja ni saa 25 hadi 30. Ukiandika "krediti 10" kwa jopo la Ujerumani au Uholanzi, watasoma somo la saa 250 au zaidi, kisha watafungua hati yako ya matokeo na kuanza kushangaa. Saa hazina utata, na "saa 100" inakula maneno mawili sawasawa na "krediti 10". Usijaribu kubadilisha krediti wewe mwenyewe na kuziandika kwa mfumo wao. Hiyo ni kazi ya ofisi ya udahili.

La pili ni mpaka kati ya "tulipima" na "nilikokotoa". Waombaji wetu wengi hujificha ndani ya "sisi" kwa adabu, wakiona "mimi" ni majivuno. Jopo halisomi hivyo. Likiona "tuli-" kuanzia mwanzo mpaka mwisho, linadhani ulikuwa abiria. Lakini usipindukie upande wa pili ukageuza kazi ya watu wanne kuwa yako. Inatokea wanakikundi wawili kuomba ufadhili ule ule mwaka ule ule, na maombi yao kuangukia kwa msomaji mmoja. Kama wote wawili wameandika "nilikokotoa", wote wawili wana kesi ya kujibu. Wapigie simu wenzako kabla ya kutuma, mkumbushane nani alifanya nini.

La tatu ni sentensi inayokiri kwamba vipimo vilikuwa vya siku moja. Nimeshaulizwa mara nyingi kwa nini mtu apoteze maneno 12 kujishusha mwenyewe. Hajajishusha. Anayejua mipaka ya vipimo vyake ni mtu aliyevielewa, na msomaji mtaalamu angeiona kasoro hiyo hata isipotajwa. Zaidi ya hapo, sentensi hiyo ndiyo daraja la kwenda kwenye sababu ya kuomba. Sababu imetoka ndani ya kazi, kwa hiyo haihitaji kupambwa kwa taifa wala tabianchi. Upungufu unaotajwa uwe wa kazi, usiwe wa tabia yako wala wa chuo. "Hatukuwa na vifaa kwa sababu chuo hakina fedha" ni malalamiko, na malalamiko hayatafuniki vizuri ndani ya maneno mia moja.

Maneno ya Kiswahili yanayokula nafasi

Sasa, na sasa tu, ndipo unapokwangua neno kwa neno. Kiswahili cha ofisini kimetuzoesha mizunguko ambayo ukiikata sentensi inapumua. "Niliweza kujifunza jinsi ya kupima" ni maneno matano. "Nilipima" ni moja, tena linadai zaidi, kwa sababu aliyejifunza jinsi ya kupima huenda hajawahi kupima. "Zoezi la upimaji wa maji lilifanyika" linamficha mtenda. "Tulipima maji" linamtaja kwa maneno mawili. "Kwa kutumia programu" hupungua kuwa "kwa programu". "Mfereji ambao unalisha" huwa "mfereji unaolisha", na kila "amba-" unayoiondoa kwa kiambishi inakurudishia neno moja. Angalia pia "pamoja na", "katika suala la", "kwa upande wa" na "mbalimbali". Hilo la mwisho lifute popote ulionapo kwenye muhtasari. Anayesema "mada mbalimbali" hajataja mada.

Kuna kukata kunakodhuru. Usifute vipimo vya namba zako: "51" bila "lita kwa sekunde" haina maana. Usiandike kwa mtindo wa telegramu, ukaacha viunganishi mpaka sentensi zikawa orodha ya majina. Usitumie vifupisho ambavyo jopo la nje halivijui. CROPWAT inajulikana kwa watu wa umwagiliaji, lakini kifupisho cha idara yako hakijulikani nje ya geti. Na usiunganishe maneno kwa mkwaju ili kudanganya kihesabio, kama "udongo/maji/mmea". Baadhi ya programu huhesabu hilo kuwa neno moja, nyingine matatu, na msomaji huona ujanja mara moja.

Jina la somo usiliguse. Liandike kama lilivyo kwenye hati ya matokeo, hata kama ni refu na halivutii. Anayelinganisha karatasi mbili na kukuta majina mawili tofauti atasita, na kusita kwake hakukusaidii. Kama hati imetolewa kwa Kiingereza na unaandika kwa Kiingereza, nakili herufi kwa herufi. Alama uliyopata haina haja ya kutajwa. Iko kwenye hati, iwe nzuri au mbaya.

Somo lisilo na mradi

Siyo kila somo lina mfereji wa kupima. Mtu wa sheria, historia au fasihi atasema yeye alikaa darasani na kufanya mtihani. Hata hivyo aliandika kitu. Badala ya "tulisoma riwaya mbalimbali za Kiswahili na kuchambua dhamira", mwanafunzi wa fasihi anaweza kuandika: "Katika insha ya kurasa nane nililinganisha mamlaka ya baba katika Rosa Mistika ya Kezilahabi (1971) na Utengano ya Said Ahmed Mohamed (1980)." Baada ya hapo anahitaji sentensi moja tu ya hoja aliyoifikia. Hoja ndiyo lita 51 na 36 zake. Kama hakumbuki hoja, basi achague somo lingine la kueleza, maana hilo halikumwachia kitu cha kuonyesha.

Inapokuwa jalada la kazi

Kwenye jalada la kazi, ambalo wengine huliita potifolio, mambo hubadilika kidogo, kwa sababu kazi yenyewe imeambatishwa. Kikomo huwa kifupi zaidi, pengine maneno 50, na shughuli ya muhtasari ni kumwonyesha msomaji afungue wapi na atazame nini. Kurudia matokeo ni kupoteza nafasi. Mwombaji wetu angeandika hivi:

"Kiambatisho hiki ni ripoti ya mradi wa Misingi ya Umwagiliaji, mwaka wa tatu. Kikundi cha watu wanne kilipima upotevu wa maji kwenye mfereji wa mpunga. Kurasa za 6 hadi 9, zenye hesabu za CROPWAT na mapendekezo, niliziandika mimi. Kama ningeirudia kazi hii leo, ningepima pia wakati wa masika."

Maneno 48. Namba za kurasa ndizo zinazofanya kazi kubwa hapa. Mtu mwenye majalada mengi mezani hatasoma ripoti nzima, lakini kurasa nne alizoelekezwa huenda akazifungua. Hakikisha tu kwamba namba hizo ni za faili la PDF ulilotuma, siyo za ripoti ya awali kabla hujaweka jalada na yaliyomo. Zikipishana, umemtuma mgeni nyumba ya jirani.

Kuhesabu na kutuma

Andika kwenye programu ya kawaida kwanza, kamwe usiandikie ndani ya fomu, maana mtandao ukikatika kila kitu kinapotea. Kwenye Google Docs ya kompyuta, bonyeza Ctrl+Shift+C upate idadi ya maneno na ya herufi. Kwenye Microsoft Word ni Ctrl+Shift+G. Kwa simu, idadi hiyo iko kwenye menyu ya programu, chini ya `Word count`.

Hesabu ya programu yako siyo hesabu ya fomu. Tarehe, mikwaju na vistari huhesabiwa tofauti, kwa hiyo bakiza maneno manne au matano chini ya kikomo. Ndiyo sababu rasimu yetu ya pili iliishia 95 na hatukuihangaikia ifike 100. Kubakiza thelathini, kwa upande mwingine, kunaonyesha hukuwa na la kusema.

Hatari kubwa ni kubandika. Baadhi ya fomu, ukibandika maandishi yaliyozidi, hazitoi onyo lolote. Hukata mwisho kimyakimya na kukuachia yaliyoenea. Baada ya kubandika, usiangalie mwanzo. Shuka mpaka neno la mwisho uone kama lipo pamoja na nukta yake. Kisha tumia kitufe cha kutazama ombi kabla ya kulituma, kama kipo, uone herufi zimekaaje: alama za kunukuu na vitone vya orodha kutoka Word wakati mwingine hugeuka kuwa visanduku au alama za kuuliza. Ndiyo maana muhtasari mfupi uandikwe kwa aya moja, bila orodha, bila herufi nzito.

Mpe mtu mmoja asiye wa fani yako ausome, kisha uuchukue na umuulize ulifanya nini katika somo hilo. Akijibu "ulipima maji kwenye mfereji, ukaona yanapotea njiani", umemaliza. Akijibu "ulisoma umwagiliaji", rudi kwenye ripoti.

Hifadhi nakala ya maneno hayo hayo uliyotuma, siyo rasimu iliyotangulia, na uipitie siku moja kabla ya usaili pamoja na ripoti yenyewe. Swali la "hizo lita 15 zilikwenda wapi?" litakuja, na ni wewe utakayelijibu.